Usingizi wa mchana baada ya zamu

"Nalinda geti Kampala, natoka saa moja asubuhi hoi, lakini saa tano macho kodo. Mwenzangu asema ni kelele za boda. Kweli?"

Kelele zimo, kaka, ila ni nusu tu. Saa ya mwili iko ubongoni, juu ya mishipa ya fahamu ya macho inapopishana, na hufuata mwanga. Unatoka jua linachomoza, kwa hiyo kila asubuhi saa hiyo inarekebishwa upya kuwa mchana: melatonini, homoni ya usingizi, inashuka, joto la mwili linapanda, usingizi unakatika. Aliyeruka kwenda London au Beijing huteseka siku chache, maana jua la huko humvuta kama saa moja kwa siku. Lako halihami. Vaa miwani myeusi njiani (si kama unaendesha boda!), ziba dirisha kwa kitambaa kizito. Utapunguza tatizo tu, maana siku ya mapumziko ukilala usiku, saa inarudi ilikokuwa.