Mkono wa kupunga bila maneno

"Namba nisiyoijua imenitumia 👋 tu. Nijibu nini?"

Usimrudishie mkono mtupu, mtabaki kupungiana. Andika "Salama, nani mwenzangu?" kisha subiri. Nashika simu ya wateja kazini, na mwenye shida ya kweli hujitaja na kusema anachotaka. Wanaosema kuwa wote wanaotuma mkono mtupu ni matapeli wana ukweli kiasi: wapo wanaotuma hivyo kupima kama namba iko hai, na jibu lako lolote linawathibitishia. Akikwepa jina na kuanza kusifia picha yako, mfungie. Kama hutarajii ujumbe wa mtu mgeni, kunyamaza si utovu wa adabu. Ila mkono ukija mwishoni mwa maongezi na mtu unayemjua, huyo anaaga tu.