Mfamasia athibitishe nini?

"Mimi ni karani kwa msambazaji wa dawa hapa Mombasa. Nisahihishieni barua pepe hii kwa famasia ya hospitali: 'Naomba mdhibitishe oda ya amoksilini iliyochelewa haraka.'"

Ndugu yangu, ni "mthibitishe". Kudhibiti ni kuzuia. "Haraka" nayo imekaa pabaya, kama kwamba oda ndiyo iliyochelewa haraka. Ila kinachonitia wasiwasi zaidi ni kipimo: kapsuli za amoksilini zipo za miligramu 250 na 500, na mfamasia hawezi kukisia. Ningeandika hivi, nawe uweke namba, kipimo na siku zako halisi:

"Oda namba 214, amoksilini kapsuli miligramu 500, makopo 40, iliyotarajiwa Jumatatu, itafika Alhamisi. Tafadhali thibitisheni kabla ya kesho saa sita mchana kama bado mnaihitaji yote."

Namba ya oda iweke kwenye kichwa cha barua pia.