Kuuza puti si sawa na kuweka oda ya bei ya chini

Swali: "Mshauri, nina dola kwa dalali wa nje na naitaka hisa moja ya Marekani inayouzwa 50. Rafiki yangu hapa Jinja anasema niuze puti ya 45, nilipwe huku nikisubiri ishuke. Kuna ubaya gani?"

Jibu: Ndugu yangu, rafiki yako hakukudanganya, ila amekupa nusu ya habari. Ukiuza puti ya 45 unamwahidi mwenzako sokoni kwamba akitaka, wakati wowote kabla ya mkataba kwisha, utanunua hisa zake kwa 45 hata kama sokoni zimeshuka zaidi. Mkataba mmoja ni hisa 100, kwa hiyo dalali atazuia dola 4,500 zako. Tuseme mkataba ni wa wiki sita na unalipwa dola 1.20 kwa hisa. Hizo 120 ni zako, litokee lolote.

Siku ya mwisho bei ikiwa 44, unakabidhiwa hisa kwa 45, na ukitoa ulicholipwa zimekugharimu 43.80. Hapo mpango umefaulu.

Sasa linganisha na oda ya kawaida ya kununua kwa 45. Bei ikigusa 44 wiki ya pili kisha ikamaliza kwa 52, mwenye oda ana hisa zake. Wewe una dola 120 tu, kwa kuwa hakuna atakayekuuzia kwa 45 kitu chenye thamani ya 52.

Linaloniumiza zaidi ni hili la pili. Kampuni inatangaza matokeo mabaya usiku, na asubuhi soko linafunguka hisa ikiwa 31. Mwenye oda ananunua kwa bei hiyo ya 31, au kidogo jirani yake. Wewe utalipa 45. Hisa ulizotolea 4,500 zina thamani ya 3,100, na ukihesabu zile 120, umepungukiwa 1,280. Mwenye oda angeweza pia kuifuta jioni ile kabla ya tangazo bila gharama. Wewe kujitoa ni lazima uinunue tena puti, na asubuhi ile inauzwa takribani dola 14 kwa hisa.

Kwa hiyo, kabla ya kuuza, tazama tarehe ya matokeo ya kampuni. Ukiona puti inalipa vizuri mno, mara nyingi tarehe hiyo iko ndani ya muda wa mkataba, na unalipwa kwa kubeba hofu ya wengine. Chagua mkataba unaokwisha kabla yake.

Tena dola 4,500 ziwe tayari kwa dalali. Zikiwa bado shilingi benki Jinja, hiyo si puti yenye dhamana ya fedha taslimu, ni deni.

Kwa hisa za hapa Kampala usijisumbue: Soko la Hisa la Uganda halina opsheni, yaani mikataba ya aina ya puti, kwa hiyo huko weka oda yako ya bei unayoitaka.