Hiyo alama imepima picha, sio wewe

"Apu ya kupima uzuri wa uso imenipa 61 kati ya 100, eti pua kubwa na uso haulingani pande zote, niamini?"

Usiamini bana. Apu inaweka vidoti kwenye picha, kona za macho, pembeni ya pua, ncha za mdomo, halafu inapima umbali kati yao basi. Sasa selfi unapiga kama sentimita 30 kutoka usoni na pua ndo iko mbele kuliko masikio, lazima itoke kubwa, kuna madaktari Marekani walipiga hesabu 2018 wakapata pua inaonekana pana zaidi kwa karibu asilimia 30 kuliko ukipigwa mita 1.5. Ukigeuza kichwa kidogo tu shavu moja linafupika, tayari "hulingani". Mpe mtu simu asimame mita 2, akuzumu, pima tena uone alama inavyoruka.

Kuna jamaa anasema uso mzuri urefu wake ni mara 1.618 ya upana, ile "golden ratio", eti ni hesabu ya kweli. Namba sawa, ila nani kaamua ipimwe urefu kwa upana wa uso? Ukiwa na vidoti vingi hukosi vipimo viwili ambavyo ukigawanya kimoja kwa kingine unaikaribia. Kulingana kunachangia mvuto kidogo, sikatai, kiasi gani bado wanabishana. Na kama shida yako ni meno, muone daktari wa meno, apu haihusiki 😅