Sauti ya roboti kwenye simu za mtandaoni: usikimbilie kununua kifurushi kikubwa

Ninafunga na kurekebisha mitandao ya nyumbani na ya ofisi ndogo hapa Dodoma. Wengi wanaoniita kwa sababu ya sauti kukatakata huwa wameshapima spidi. Wananitumia picha ya skrini: kushusha megabiti 10, kupandisha megabiti 2. Kisha wanauliza, "Spidi si hiyo hapo, mbona kwenye kikao nasikika kama roboti?" Wana haki ya kuuliza, maana wanalipia huduma na vipimo vinaonyesha wanaipata. Lakini sauti inadai spidi ndogo sana. Inachodai kwa ukali ni pakiti zake zifike kwa wakati.

Programu kama Zoom au WhatsApp hukata sauti yako vipande vifupi, kwa kawaida vya milisekunde 20, na kila kipande kinasafiri ndani ya pakiti yake. Hizo ni pakiti 50 kila sekunde. Ukijumlisha sauti yenyewe na anwani zinazobandikwa kwenye kila pakiti, mara nyingi hufiki hata kilobiti 60 kwa sekunde. Kwenye laini ya kupandisha megabiti 2, hiyo ni kama asilimia 3 tu ya nafasi yote. Ukiongeza video mahitaji yanapanda sana, ila sauti peke yake ni nyepesi.

Tatizo ni kwamba mazungumzo hayasubiri. Faili likipoteza pakiti, kompyuta huiomba tena na hakuna anayejua. Neno ulilosema sasa hivi halina faida likifika baada ya sekunde nzima, kwa hiyo pakiti iliyochelewa mno hutupwa kama iliyopotea. Programu ya msikilizaji hujaribu kukusaidia kwa kuweka akiba ndogo ya pakiti kabla ya kuzicheza. Zikifika kwa mwendo wa kuyumba, hii baada ya milisekunde 40, inayofuata 45, nyingine 300, akiba inaisha na pengo linatokea. Hapo programu hubuni sauti ya kuziba pengo kwa kurefusha kipande kilichotangulia, na hiyo ndiyo sauti ya bati unayoisikia. Pengo likiwa refu, kunakuwa kimya. Pakiti zilizokwama zikifika kwa mkupuo, mzungumzaji anasikika akikimbiza maneno.

Kabla ya kugusa ruta, jiulize ni nani anayelalamika. Kama wenzako wanasema sauti yako inakatika lakini wewe unawasikia wote vizuri, tafuta kosa upande wako wa kupandisha. Kama unayemsikia vibaya ni mtu mmoja tu kati ya watu wanane, tatizo liko kwake, na hakuna utakachorekebisha nyumbani kwako kikamsaidia. Ukiwasikia wote vibaya, angalia upande wako wa kushusha. Zoom ya kwenye kompyuta inaonyesha hili waziwazi: ingia `Settings`, kisha `Statistics`, kisha `Audio`. Safu ya `Send` ni sauti unayotuma, `Receive` ni unayopokea. Tazama mistari ya `Jitter`, yaani kuyumba, na `Packet Loss`, yaani upotevu wa pakiti, wakati mazungumzo yanaendelea. Mimi huanza kuwa na wasiwasi kuyumba kukipita milisekunde 30, au upotevu ukipita asilimia 1 na kubaki huko.

Nitaeleza kisa cha dada mmoja wa Ilazo anayefundisha Kiswahili wanafunzi walioko nje ya nchi. Intaneti yake inaingia kwa antena iliyo juu ya paa. Wanafunzi walimwambia kila jioni kwamba sauti yake inageuka ya mashine, wakati yeye anawasikia bila shida. Mchana hali ilikuwa nzuri. "Kaka, nimeshaambiwa nipande kifurushi, nipande?" aliniuliza. Nikamwomba asubiri kwanza tupime.

Kwenye Windows unafungua dirisha la amri, unaandika `ipconfig`, na anwani iliyo mbele ya `Default Gateway` ndiyo ruta yako. Kwake ilikuwa 192.168.1.1. Tukafungua madirisha mawili yaendeshwe kwa pamoja, jioni ileile, somo likiendelea:

```
ping -n 300 192.168.1.1
ping -n 300 8.8.8.8
```

Dirisha la kwanza linapima safari ya kutoka kompyuta hadi ruta, yaani ndani ya nyumba tu. La pili linapima njia yote mpaka seva ya Google iliyoko kwenye intaneti. Ukipima moja bila nyingine hujajua kosa liko wapi. Na usikimbilie kusoma wastani wa mwisho, kwa sababu wastani unaficha mambo. Soma namba zinavyopita moja baada ya nyingine.

Safari ya hadi kwenye ruta ilikaa kati ya milisekunde 2 na 5 muda wote. Waifai yake haikuwa na kosa. Safari ya nje ilianza kwenye 38, 41, 37, na kwa muda ikatulia hapo. Mumewe akarudi kutoka kazini, simu yake ikashika waifai, na baada ya dakika chache namba zikawa 420, 780, 960, 1010, kisha `Request timed out`, kisha 990 tena. Wakati huohuo mwanafunzi akasema haelewi anachosikia. Tukazima waifai ya simu ya mumewe, namba zikarudi 39. Tukaiwasha, zikapanda. Simu ilikuwa inapandisha picha na video za siku nzima kwenye hifadhi ya mtandaoni.

Kwa nini simu moja iharibu hivyo? Kifaa kinachotuma data kwenda nje kina foleni yake ya kusubiria. Simu inayopandisha video inajaza foleni hiyo mpaka pomoni, na pakiti ndogo ya sauti inaingia mwisho, kama bodaboda iliyokwama nyuma ya msururu wa semitrela kwenye daraja jembamba. Hesabu yake ni rahisi. Foleni ya kilobaiti 250 ni sawa na megabiti 2. Laini inayopandisha megabiti 2 kwa sekunde itachukua sekunde 1 nzima kuimaliza. Ndiyo ile milisekunde 1000 tuliyoiona. Foleni ikijaa kabisa, pakiti zinazokuja zinatupwa, na ndiyo zile `timed out`. Kuchelewa, kuyumba na kupotea, vyote vitatu vilitokana na chanzo kimoja.

Kupanda kifurushi kungemsaidia kidogo tu. Simu ikipewa megabiti 5 itazijaza megabiti 5. Picha zitaisha mapema, lakini wakati zinapanda sauti bado itaumia. Dawa ya haraka, isiyo na gharama, ilikuwa kuzima `Backup` kwenye simu ya mumewe na kuiwasha usiku baada ya masomo. Kwenye kompyuta, OneDrive na Google Drive zina sehemu ya kuweka kikomo cha spidi ya kupandisha. Kiweke, usiache programu ijichukulie yote.

Dawa ya kudumu ni kuhamishia foleni mahali unapoweza kuisimamia. Unaiambia ruta yako itume kidogo pungufu ya uwezo wa laini, asilimia 85 hadi 90, ili foleni isijengeke kwenye kifaa cha mtoa huduma usichokigusa. Kisha unaiwekea ruta utaratibu wa kugawa zamu, ili pakiti za sauti zisisubiri nyuma ya mzigo wa mtu mmoja. Utaratibu ninaoupenda unaitwa CAKE, na unapatikana kwenye OpenWrt, mfumo huria wa kuendeshea ruta, na kwenye ruta za MikroTik zenye mfumo wa RouterOS 7. Kwa laini ya 10 kushusha na 2 kupandisha, kwenye MikroTik inatosha hivi:

```
/queue type add name=keki kind=cake
/queue simple add name=nyumba target=192.168.88.0/24 max-limit=1700k/8500k queue=keki/keki
```

Namba ya kwanza ni kupandisha, ya pili kushusha. Badilisha anwani iwe ya mtandao wako. Zima pia kanuni ya FastTrack kwenye `firewall filter`, la sivyo data itapita pembeni ya foleni na hutaona badiliko lolote. Hapo ndipo mafundi wengi wanakwama na kusema dawa haifanyi kazi. Ruta ndogo zinazotolewa bure na kifurushi aghalabu hazina CAKE, ila baadhi zina ukurasa wa `Bandwidth Control` au `QoS`. Hapo angalau unaweza kukipa kila kifaa kikomo. Ukiwa kwenye laini ya 4G, fahamu kwamba uwezo wake hubadilika saa hadi saa, kwa hiyo kikomo kinachofaa mchana kinaweza kuwa kikubwa mno saa 2 usiku. Pima wakati hali ni mbaya, uweke kikomo kwa kipimo hicho.

Matokeo ya ping yakiwa kinyume na ya yule dada, yaani namba za hadi kwenye ruta ndizo zinazoruka 3, 5, 180, 4, 260, basi foleni si kesi yako. Hiyo ni waifai. Kuta za tofali za saruji na umbali hudhoofisha mawimbi, na kwenye nyumba za kupanga zilizobanana ruta za majirani hugombania masafa ya 2.4 GHz. Hamia 5 GHz ukiwa chumba kimoja na ruta, au ukibaki kwenye 2.4 chagua chaneli 1, 6 au 11. Kama kazi yako inategemea sauti, vuta waya wa mtandao mpaka mezani. Sijapata kifaa cha kuongeza mawimbi kinachoushinda waya.

Linabaki jambo la tatu. Ruta iko safi, vifaa vyote vimezimwa isipokuwa kompyuta moja, na bado safari ya nje inayumba, hasa jioni. Watu huniambia ni kwa sababu Dodoma iko mbali na Dar es Salaam zinakoingilia nyaya za baharini. Umbali huo wa kama kilomita 450 mwanga unaumaliza ndani ya nyuzi kwa milisekunde 5 hivi, kwenda na kurudi. Sababu ya kawaida ni msongamano kwenye mnara au kwenye njia ya mtoa huduma, na hilo huwezi kulitibu kwenye ruta. Mpelekee ushahidi: ping ya dakika 5 ya saa 4 asubuhi na nyingine ya saa 2 usiku, zote zikipimwa kwa waya, pamoja na ile ya ruta inayoonyesha nyumba yako haina kosa. Fundi wa zamu akiona hivyo hawezi kukwambia uzime na kuwasha ruta. Wakati unasubiri majibu, zima video, jaribu laini ya mtandao mwingine, na kwa kikao usichoweza kukikosa uliza kama kuna namba ya kupiga kwa simu ya kawaida.