Nimkatalie vipi mwenzangu anayeniita kwenye biashara ya kuingiza watu?

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Mimi ni muuguzi, niko Tanga. Dada mmoja wa wodini kwetu, mkubwa wangu kiumri, aliyenibebea zamu zangu mama alipolazwa, amejiunga na kampuni ya dawa za lishe. Kiingilio ni shilingi 300,000, unapewa kifurushi, kisha unaingiza wawili chini yako, na kila anayeingia kwenye timu yako unalipwa. Anasema ustadhi wao amewaambia huo ni udalali, ni halali, na kwamba Muislamu akikuita ni haki yake umuitikie. Kwa kuona haya nikamwambia: "Wallahi malimbikizo yangu yakitoka nitaingia." Yametoka, na yeye anajua. Moyo wangu hautaki, lakini sitaki kumpoteza. Nimwambie sina pesa?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwanangu, usiingie, wala usimwambie huna pesa. Yote mawili nitayaeleza, lakini niache kwanza nianze na huyo ustadhi, maana maneno yake yamenisumbua kuliko kifurushi chenyewe. Anayeuza dawa kwa bei ya kuruka amewadhulumu watu mali yao. Anayeiuza kwa hadithi ya Mtume (s.a.w.) amewadhulumu mali na dini pamoja.

Hadithi aliyoitumia ni sahihi, imo katika Muslim, kutoka kwa Abu Huraira: haki za Muislamu kwa Muislamu mwenzake ni sita, na mojawapo ni akikualika umuitikie. Wanachuoni wameufahamu mwaliko huo kuwa ni wa chakula, na wa harusi ndio uliokazaniwa zaidi. Hata huo wa harusi, mafaqihi wetu wa Kishafi wamesema wajibu wake unaondoka pale penye munkari usioweza kuuzuia. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba mtu akikuita uweke mali yako kwenye biashara yake basi ni faradhi ukubali. Ingekuwa hivyo, asingebaki Muislamu na shilingi mfukoni. Tena katika hizo hizo haki sita iko nyingine ambayo ustadhi ameiruka: akikutaka nasaha, mnasihi.

Ama udalali, ni kweli ni halali. Bukhari ametaja kwamba Ibn Sirin, Ataa, Ibrahim na Hasan hawakuona ubaya katika ujira wa dalali. Hilo halina mgogoro. Mgogoro ni kwamba hili si hilo. Dalali wa nyumba hapo Tanga hatoi kiingilio ili awe dalali. Anamtafuta mtu mwenye haja ya nyumba, nyumba inapatikana, analipwa, na mambo yanaishia hapo. Wewe unaambiwa ulipe kwanza ndipo upate nafasi ya kutafuta wengine watakaolipa, nao watafute wengine. Kamati ya Kudumu ya Fatwa ya Saudi Arabia iliitazama biashara ya namna hii mwaka 1425 Hijria, yaani 2004, katika fatwa namba 22935, ikaitofautisha na udalali kwa hoja hiyo hiyo: dalali hulipwa kwa kuuza bidhaa, na huyu hulipa ili auze. Ikasema kinachotakiwa hasa ni kamisheni, bidhaa ni sitara tu. Pesa kidogo inatolewa kwa tamaa ya pesa nyingi zaidi baadaye, na hapo ndipo riba inapoingia. Na anayetoa hajui atavuna au atapoteza, nayo ndiyo gharari iliyokatazwa.

Najua atakayesema: "Lakini sheikh, wapo waliopata." Wapo, tena ndio wanaopandishwa jukwaani kwenye semina. Sasa tuhesabu kwa kiingilio hicho chako. Tuseme kila anayeingia chini yako, kwa ngazi yoyote, unapata 50,000. Wa kwanza ameingiza wawili, hao wameingiza wanne, wanne wameingiza wanane, wanane wameingiza kumi na sita. Jumla ni watu 31, na kila mmoja ametoa 300,000. Wa juu ana watu 30 chini yake, amepata 1,500,000. Wawili wanaomfuata wamepata 700,000 kila mmoja. Wale wanne wana watu sita sita, wamepata 300,000, yaani wamerudisha kiingilio chao basi. Wanane wana wawili wawili, wamepata 100,000 na wamebaki na pengo la 200,000. Kumi na sita wa mwisho hawana kitu isipokuwa chupa za dawa. Waliofaidika ni watatu. Wasiorudisha chao ni 24 kati ya 31.

Mtu atasema wa chini nao wataingiza wao. Wakiingiza, wale kumi na sita watapanda na chini yao watakuja 32 wapya wasio na kitu, na hao wasiorudisha watakuwa 48 kati ya 63. Kila safu ikijaa, takriban robo tatu ya watu wamo hasarani. Idadi inakua, robo tatu zinabaki pale pale. Basi dada yako hakuingiza pesa yake kwa bahati mbaya mahali penye hasara. Faida ya wa juu inatoka kwenye hasara hiyo, na ikiondolewa hasara, faida nayo haipo. Allah Amesema: "Wala msiliane mali zenu kwa batili" (4:29).

Waliokuwa watu wazima mwaka 2009 wanaikumbuka DECI, jinsi watu walivyoambiwa wapande mbegu wavune, mpaka Serikali ikaisimamisha. Pale ilikuwa pesa kwa pesa, na kila mwenye akili alipoambiwa alielewa. Siku hizi imewekwa chupa katikati, watu wakababaika. Kuijua chupa kama ni bidhaa au ni sitara, muulize anayekuita swali moja: nani anainunua kwa bei hiyo bila kujiunga? Ukikuta wanunuzi wote ni wanachama, na dawa ya namna hiyo duka la dawa ni 80,000, basi zile 220,000 zilizobaki umenunua nafasi ya kuingiza watu.

Wapo wanachuoni waliolegeza katika mauzo ya mtandao, na nisingependa kuwaficha. Baraza la Maulamaa la Indonesia lilitoa fatwa namba 75 mwaka 2009 ya kuruhusu kwa masharti kumi na mawili. Lakini someni masharti yenyewe: iwepo bidhaa ya kweli, bei isipandishwe kupita kiasi, na malipo yafuate kazi na mauzo halisi, si kichwa cha mtu aliyeingizwa. Aliyenukuu ruhusa akayaacha masharti hakunukuu fatwa. Biashara uliyonieleza, kila anayeingia tu unalipwa, inaanguka hata kwenye mlango wa hao waliolegeza.

Usichanganye hili na mchezo mnaocheza wodini, wa kuchangia kila mwezi akapokea mmoja kisha mwingine. Ule ni kukopeshana, kila mmoja anapokea sawa na alichotoa, na haumhitaji mtu mpya ili wa zamani alipwe. Al-Qalyubi, mwanachuoni wetu wa Kishafi, ameutaja mchezo wa wanawake wa namna hii na kunukuu kuwa unajuzu. Endelea kuucheza pamoja na huyo dada, na nina sababu ya kukuambia hivyo.

Sasa kiapo chako. Ulisema wallahi, kwa hiyo ni kiapo na hakipotei kwa kujuta. Lakini kiapo cha kufanya jambo lisilojuzu hakitekelezwi. Mtume (s.a.w.) amesema, katika Muslim, kwamba aliyeapa kisha akaona jingine lililo bora, afanye lililo bora na atoe kafara ya kiapo chake. Kafara ni kulisha maskini kumi, au kuwavisha. Kwa madhehebu yetu ni kibaba kimoja cha chakula cha mji kwa kila maskini, basi pima vibaba kumi vya mchele uwagawie watu kumi tofauti. Kwa kuwa malimbikizo yametoka, huna udhuru wa kufunga siku tatu, hizo ni za asiyeweza.

Tuje kwa dada mwenyewe. As-Sa'b bin Jaththama alimletea Mtume (s.a.w.) punda-mwitu aliyemwinda, Mtume akamrudishia. Alipoona uso wa Sa'b umebadilika, alimwambia: "Hatukukurudishia ila kwa sababu tuko katika ihramu." Imepokewa na Bukhari na Muslim. Tazama vilivyokusanyika hapo. Hakumsingizia sababu. Hakumwacha aende na dhana kwamba zawadi yake au nafsi yake imedharauliwa. Na sababu aliyoitoa ilihusu hali yake yeye Mtume, haikumtia Sa'b makosani. Nimetafuta njia ya kukataa iliyo bora kuliko hiyo, sikuiona.

Ndiyo maana sikutaki useme huna pesa. Ni uongo, na yeye anajua kuwa unazo. Hata asingejua, wanaoingia biashara hizi hufundishwa jibu la kila kisingizio. Ukisema huna pesa, atakuambia uanze na nusu, au atakulipia yeye umrudishie polepole. Na hilo likataeni pia, maana utakuwa na deni lisilolipika ila kwa kuingiza watu. Ukisema mume hataki, ataomba aje azungumze naye. Sababu ya dini yako haina bei ya kupunguza.

Usiseme kwenye kundi la WhatsApp, wala mbele ya wauguzi wengine. Mtafute zamu ikiisha, mmekaa wawili, umwambie maneno kama haya: "Dada, nilikuapia kwa kukuonea haya, nilikosea, naomba radhi, na kiapo nimekitolea kafara. Nimeuliza nikaambiwa biashara ya kulipwa kwa kuingiza watu hainifalii kwa dini yangu. Si kwamba sikuamini wewe. Wema ulionifanyia kwa mama sijausahau. Naomba hili tusilirudie, na zamu yako ya wiki hii ukitaka nitaisimamia." Kisha nyamaza. Ukianza kubishana juu ya kampuni, umemfungulia mlango wa semina. Ila akikuuliza kwa kutaka kujua, chukua karatasi umchoree wale watu 31, kwa upole, mara moja.

Akinuna, mwache anune siku zake. Wewe salamu usiikate, zamu umbebee, mchango wa msiba au harusi yake utoe bila kusubiri kuombwa. Wema aliokufanyia ulikuwa deni la hisani, na hisani hulipwa kwa hisani, hailipwi kwa kiingilio. Hapo ndipo mchezo wenu wa wodini unaponifurahisha: kila mwezi utakuwa na sababu ya kukaa naye kwa pesa iliyo safi. Akikuomba mkopo wa kununulia kifurushi kingine usimpe, kwa kauli ya Allah "wala msisaidiane katika dhambi na uadui" (5:2). Akikuomba wa ada ya mtoto, na unao, mpe.

Na ikiwa ataanza kuwaita wahudumu wa usafi, wenye mshahara mdogo kuliko wenu, na mmoja wao akaja kukuuliza, usimfiche kwa kumhifadhi rafiki yako. Mweleze hesabu bila kumtaja dada kwa ubaya. Huyo naye ana haki ya nasaha.

Wallahu aalam.