Ukuta unavimba, fundi anapaka rangi: mpangaji aombe kurudiwa nini?

*Swali: Ukuta wa chumba changu cha kulala umepakana na bafu. Rangi ilivimba na kubanduka karibu na sakafu, nikamwambia mwenye nyumba. Fundi amekuja mara mbili. Mara ya kwanza alikwangua akapaka rangi ya kuzuia maji. Mara ya pili alipaka silikoni kwenye maungio ya vigae vya bafuni, akatoboa ukuta chini ya shawa na kuliacha shimo wazi. Wiki tatu baadaye malengelenge yamerudi, tena juu zaidi ya pale pa mwanzo. Mwenye nyumba anasema kazi imeshafanyika. Nataka kumwandikia fundi arudi apake upya na azibe shimo. Niandikeje?*

Ndugu mpangaji, usiandike hivyo. Ukiomba rangi utapakiwa rangi, ukiomba shimo lizibwe litazibwa, na mwezi ujao utakuwa pale pale ulipo leo. Tofauti ni kwamba safari hiyo mwenye nyumba ataweza kusema, na kwa haki, kwamba kila ulichokitaka umetekelezewa.

Kwanza, kama ukuta huo una soketi au swichi, zima umeme wake kwenye boksi kuu na usiitumie mpaka ukuta ukauke. Hilo lifanye leo, barua itafuata.

Malalamiko kama yako nayapata kila mara, na karibu yote yanailaumu rangi: fundi hakukwangua vizuri, alipaka mkono mmoja tu, alinunua rangi hafifu. Rangi haikukosa kitu. Maji yako ndani ya ukuta, na maji yaliyo ndani hayazuiliki kwa utando unaopakwa upande wa nje. Ukuta wa tofali na lipu hunyonya maji kama kitambaa, kisha huyatoa taratibu kwa kupumua kupitia uso wake. Ukiufunika uso huo kwa rangi nzito isiyopitisha unyevu, maji hayapotei. Yanatafuta njia nyingine, nayo iliyo karibu ni kupanda juu na kwenda pembeni, hadi pale rangi hiyo inapokomea. Ndiyo sababu malengelenge yako sasa yako juu zaidi. Fundi hakuuponya ukuta, aliusogeza unyevu. Na ule unga mweupe unaomwagika ukigusa lengelenge ni chumvi zilizoyeyushwa na maji ndani ya tofali na saruji. Maji yanapokauka, chumvi hugeuka chembe ngumu nyuma ya rangi na kuibandua kwa nguvu. Rangi hata iwe ya bei kubwa namna gani, haishikani na kitu kinachoisukuma kutoka nyuma.

Sasa tuje kwenye lile shimo, ambalo wewe unaliona kama uzembe. Katika yote aliyoyafanya fundi, hilo peke yake ndilo lenye faida kwako. Ukuta umefunguliwa, bomba linaonekana au liko karibu kuonekana. Shimo likizibwa kabla chanzo hakijapatikana, itabidi vigae vivunjwe tena. Lifunike kwa plastiki usiku ili wadudu na maji ya kuoga yasiingie, lakini usimruhusu mtu kulipiga saruji.

Ukuta unaopakana na bafu huweza kuloweshwa na maji ya aina tatu: yaliyo kwenye bomba lenye presha, yanayokwenda kwenye bomba la maji machafu, na yanayomwagikia vigae mtu anapooga. Fundi anayejua kazi huyatenga haya moja moja. Aliyekuja na kopo la rangi kabla hajafungua koki hata moja hakuja kutafuta chochote.

Maji ya presha hupimwa kwa mita. Funga koki zote za nyumba, funga na koki ndogo ya tangi la choo, maana choo kinachovuja taratibu huzungusha mita na kukupoteza. Soma namba zote pamoja na zile nyekundu za mwisho, usitumie maji kwa saa mbili, kisha soma tena. Namba zikiwa zimesogea, kuna bomba linavuja. Zikiwa zilezile, mafundi wengi hutangaza kwamba mabomba ni mazima, na hapo ndipo wanapokosea.

Nikueleze kisa kimoja. Niliitwa kwenye nyumba ya kupanga ambayo ukuta wake ulikuwa umepakwa rangi mara nne ndani ya mwaka mmoja. Mita ilikuwa imeshapimwa na haikusogea, kwa hiyo fundi aliyetangulia alikuwa ameng'oa grauti yote ya vigae na kuweka mpya. Unyevu ukarudi. Jambo alilolisahau ni kwamba kipande cha bomba kinachotoka kwenye koki ya shawa kupanda hadi kichwani hakina maji ya presha wakati koki imefungwa. Kinajaa tu mtu anapooga. Mita inaweza kukaa siku nzima bila kusogea huku kipande hicho kimepasuka. Nilifungua kichwa cha shawa, nikaziba mdomo wa bomba kwa kizibo cha nyuzi, kisha nikafungua koki ya maji baridi peke yake. Kama bomba ni zima, mita husogea kidogo tu wakati bomba linajaa, kisha husimama. Hii haikusimama. Kile kidude chekundu cha kwenye mita kiliendelea kuzunguka polepole, na ndani ya dakika 10 tuliona tone likitoka kwenye kiungo cha kona nyuma ya kigae, takriban sentimita 20 juu ya koki. Kiungo kilikuwa kimekazwa bila uzi wa kutosha wa kuzibia. Kukibadilisha kulichukua chini ya saa moja. Rangi nne, grauti mpya, mwaka mzima wa mpangaji kulala kwenye harufu ya ukungu, kwa ajili ya kiungo kinachokaa kiganjani.

Bomba likithibitika kuwa zima, ndipo yafuate maji machafu: ndoo mbili au tatu zinamiminwa polepole moja kwa moja kwenye tundu la sakafuni bila kulowesha ukuta, na mtu anaangalia ndani ya shimo. Pakibaki pakavu, mwisho kabisa hunyunyiziwa vigae vyenyewe, kuanzia chini kwenda juu, kwa dakika kadhaa kila kimo. Ukianzia juu maji yatateremka na hutajua yaliingilia wapi. Pengine umeona kwamba vigae na silikoni viko mwisho wa orodha hii. Fundi wako alianzia huko.

Kwa hiyo barua yako isiombe rangi. Mwambie mwenye nyumba ulichokiona, lini, na unataka kithibitishwe nini. Chora kwa penseli ukingo wa unyevu ukutani, andika tarehe pembeni yake, piga picha ukiwa umeweka futi kamba. Rudia baada ya siku 7. Mstari unaosogea ni vigumu kubishana nao. Kisha andika kitu kama hiki:

"Unyevu ulioripotiwa tarehe fulani ulirekebishwa tarehe fulani na fulani, lakini umerudi na sasa umefika kimo cha sentimita kadhaa kutoka sakafuni, kama picha zinavyoonyesha. Chanzo cha maji hakijatafutwa. Naomba kabla ya shimo kuzibwa na kabla ya kupaka rangi, fundi bomba apime bomba la maji pamoja na kipande cha juu cha shawa, bomba la maji machafu na vigae, nikiwepo, na matokeo yaandikwe. Niko nyumbani siku hizi na saa hizi."

Weka tarehe, baki na nakala, na siku ulizozitaja uwepo kweli. Malalamiko mengi ya haki huharibika kwa sababu fundi alikuja akakuta mlango umefungwa. Kama mita ni ya pamoja na majirani, kipimo kile hakitakusaidia. Katika hali hiyo fundi afunge geji ya presha kwenye laini ya bafu lako, aijaze, afunge koki ya kuingizia, na mshale ukae pale pale kwa nusu saa. Na usichokonoe ukuta mwenyewe wala kumleta fundi wako kimyakimya, kwani ukishaugusa utaambiwa uharibifu ni wako.

Chanzo kikishazibwa, bado usikubali rangi siku hiyohiyo. Hapa mpangaji mwenyewe ndiye huharakisha, na namwelewa, amechoka kuuona ukuta umebanduka. Lakini lipu iliyojaa chumvi lazima ing'olewe mpaka kwenye tofali, kama sentimita 30 kupita ukingo wa unyevu unaoonekana, na ukuta uachwe ukauke kwa hewa. Ni suala la wiki, na ukuta mnene uliolowa muda mrefu huchukua miezi. Kujua kama umekauka, bandika kipande cha plastiki angavu ukutani, ukizibe kingo zote nne kwa gundi ya utepe, ukiache saa 24. Matone yakitokea upande wa plastiki unaogusa ukuta, ukuta bado unatoa maji. Yakitokea upande wa chumbani tu, huo ni mvuke wa chumba chenyewe, na dawa yake ni kufungua madirisha.

Wengine mtaambiwa kuna njia ya mkato. Kuna wanaouza kimiminika cha kupaka juu ya unyevu "kiukaushe kwa ndani", kuna wanaobandika vigae chumbani kuficha doa, kuna wanaopiga ubao wa jasi mbele ya ukuta uliolowa na kuuita ukarabati. Huyo wa ubao ndiye ninayemwogopa zaidi. Ukuta unaendelea kunywa maji nyuma yake bila mtu kuona, ukungu unakua gizani, chuma kilicho ndani ya zege kinashika kutu na kuvimba, na siku ubao utakapofunguliwa kazi haitakuwa tena ya kiungo kimoja cha bomba. Akija fundi na pendekezo la aina hiyo, muulize swali moja mbele ya mwenye nyumba: maji yanatoka wapi? Akijibu kwa jina la bidhaa, asianze kazi.